Msalaba wa Kikelti na swali la ndoa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaokuja kwangu na swali la uchumba huwa wameshaona mahali picha ya Msalaba wa Kikelti, mpangilio wa kusomea karata za taroti, karata sita katikati na nne zimepangwa kando kama ngazi, na wanataka niwaonyeshe ni karata gani inayosema ndoa. Karata hiyo haipo. Ndoa kwetu ni shauri la watu wawili na nyumba mbili, na Msalaba wa Kikelti una nafasi ya karibu kila upande wa shauri hilo, ndiyo maana kwa swali hili naupenda kuliko mipangilio mingine yote. Nitajibu nikifuata kikao kimoja, cha binti wa miaka 27, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa na mchumba kwa miezi mitano. Ameniruhusu nikisimulie bila jina lake.

Mpangilio huu ni wa Wakelti wa kale kweli?

Hapana. Aliyeutangaza ni Arthur Edward Waite, Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1910 kinachoeleza karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Ni yeye aliyeuita njia ya kale ya Kikelti. Karata za taroti zenyewe zilianzia Italia katika karne ya 15 zikiwa za kuchezea, na habari za kuzitumia kubashiria zilikuja kuenea karne ya 18. Wakelti wa kale hawakuzishika mikononi. Nalisema hili mapema kwa sababu wako wanaouogopa mpangilio kwa jina lake, na wako wanaoutukuza kwa jina hilohilo. Thamani yake iko katika maswali ambayo kila nafasi inakuuliza.

Kwa nini unaziita Kopa, Uru, Pau na Shupaza? Mimi nasikia vikombe, sarafu, fimbo na panga.

Ni vitu vilevile. Majina ya karata zetu za kuchezea tuliyapata kutoka kwa Wareno, na kwa Kireno kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, pau ni fimbo na shupaza ni panga. Karata za dukani zilibadilika zikawa na mioyo na maua, lakini majina yakabaki yaleyale ya zamani. Kwa hiyo mtu aliyekua akicheza karata barazani tayari ana majina ya makundi manne ya taroti mdomoni mwake, hana haja ya kujifunza mengine. Kopa ni mapenzi na hisia. Uru ni mali, mwili na kazi. Pau ni ari na mambo yanayosukumwa. Shupaza ni fikra, maneno na maumivu yake. Makundi hayo yana karata 56, na juu yake kuna karata kubwa 22 kama Wapenzi, Mnara na Jua, jumla 78.

Hii si ramli?

Ni kutafuta maana kwa kitu kilichotoka kwa bahati, kwa hiyo ndugu wa ramli ni, sitakataa. Waislamu wengi na Wakristo wengi wanaambiwa wasiiguse, na kama imani yako inakukataza nakuomba usipange. Sitamshawishi mtu aende kinyume na dhamiri yake kwa sababu ya karata. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba sidai karata zinamwona mchumba wako alipo. Zinakupa picha kumi na maswali kumi, na wewe unayejua maisha yako ndiye unayeyajibu.

Swali liulizwe vipi?

Binti yule alikaa, akavua viatu, akasema, "Mama, nataka kujua atanioa lini." Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ni swali la kumuuliza yeye, na karata hazina kalenda." Swali la "atanioa?" lina kasoro mbili. Linauliza utashi wa mtu asiyekuwepo, na linataka ndiyo au hapana, wakati mpangilio wenye nafasi kumi haujajengwa kutoa neno moja. Ukilazimisha, utaishia kuruka nafasi tisa ili uione ya kumi tu.

Tulilibadilisha likawa hivi: "Uchumba huu unaelekea ndoa kiasi gani, na kati yetu na ndoa kuna nini?" Nilimwambia aliandike kwenye daftari kabla hatujachanga karata. Usipoliandika, katikati ya kikao swali linahama, na ghafla mnazungumzia mawifi.

Karata zinapangwaje?

Mwulizaji anachanga karata mwenyewe huku akilisema swali moyoni, anakata, na msomaji anafunua kutoka juu. Ya 1 inalala katikati. Ya 2 inalala juu yake kwa upande, ndiyo inayofanya msalaba. Ya 3 inakaa juu, ya 4 chini, ya 5 nyuma na ya 6 mbele. Kisha pembeni kulia unapanga nne zikipanda kutoka chini: 7, 8, 9 na 10.

Utakuta walimu wengine wanaanza na ya chini kabla ya ya juu, au wanabadilisha kulia na kushoto. Si kosa. Kosa ni kuamua baada ya karata kufunuliwa, kwa sababu hapo utachagua mpangilio unaokupendeza. Mimi nimeweka nyuma kushoto na mbele kulia, na sijabadilisha.

Nianze na karata ya kumwakilisha mwulizaji?

Waite alikuwa akichagua moja kwa rangi ya nywele na macho: nywele za manjano kundi hili, kahawia lile, nyeusi ni Uru. Kwa utaratibu huo karibu sisi sote tungekuwa Uru, na haisaidii kitu. Isitoshe, karata uliyoitoa pembeni haiwezi tena kutokea kwenye mpangilio. Mimi siitumii katika kikao cha kwanza. Binti yule tulimtandikia kisutu, ile kanga ya bibi harusi ambayo mama yake alimwekea tangu mdogo, na karata zikalala juu yake.

Nafasi ya 1 inasema nini?

Inaonyesha hali iliyomfunika mwulizaji sasa hivi, hewa anayoivuta. Kwa swali letu ni uchumba ulivyo leo, si unavyotamaniwa. Ilitoka Mbili ya Kopa: mwanamume na mwanamke wanapeana vikombe, uso kwa uso. Ni karata ya watu wawili wanaotakana kwa usawa.

Alishangilia. Nilimwacha ashangilie kidogo, kisha nikamwonyesha kwamba katika picha hakuna mtu wa tatu. Hakuna mzazi wala mshenga. Nyumba ipo, lakini ni ndogo, mbali kilimani. Mbili ya Kopa inasema kuna uchumba wa kweli, lakini bado ni wa wawili peke yao, na uchumba wa namna hiyo unaweza kukaa miaka bila kuwa ndoa.

Nafasi ya 2 ni adui?

Watu wengi huiogopa, wakidhani lazima awe mtu anayewapinga. Ni kile kinachokatiza njia, na mara nyingi ni kitu chema kilichokaa mahali pasipofaa. Kwa kuwa imelala kwa upande, haina kupinduka kichwa chini. Isome wima siku zote.

Ilitoka Nne ya Uru. Mtu amekaa ameikumbatia sarafu moja kifuani, nyingine iko juu ya taji lake, na mbili amezikanyaga. Hawezi kutembea bila kuziachia. Nikamuuliza, "Kati yenu wawili, nani ameshika hela hivi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema mchumba wake anafanya kazi ya umeme wa majumbani, na kila ikija habari ya kujitambulisha nyumbani anasema asubiri "nijipange."

Hapa msomaji mwenye haraka angesema mwanamume ni bahili. Nne ya Uru haisemi ubahili peke yake. Mtu anayedunduliza mahari anaonekana vilevile na mtu asiyetaka kutoa. Picha ni moja na karata haiwezi kuwatenganisha. Kinachoweza kuwatenganisha ni kumuuliza amejipanga kufikia wapi, kwa kiasi gani na kwa ajili ya nini.

Kwa nini karata nzuri nafasi ya 3 haitoshi?

Kwa sababu nafasi ya 3, ile iliyokaa juu kama taji, ni lengo la mwulizaji au bora kabisa linaloweza kupatikana katika hali ilivyo. Ni jambo ambalo bado halijatokea. Kwake ilitoka Kumi ya Kopa: upinde wa mvua wenye vikombe, mume na mke wamekumbatiana, watoto wawili wanacheza, nyumba iko kwa mbali. Hakuna karata inayofanana na ndoa yenye furaha kuliko hiyo, na ndiyo maana hapa ndipo wasomaji wengi wanapokosea. Wanaiona, wanapiga makofi, wanaacha kusoma.

Niliisoma hivi: mapenzi haya yana uwezo wa kufika huko, na wewe ndiko unakolenga. Basi. Kama nafasi ya 3 ingetoka Mtawa Mpweke au Nane ya Kopa, yule anayeviacha vikombe vyake na kuondoka usiku, ningemuuliza kama kweli anataka kuolewa au anasukumwa na umri na maneno ya watu. Yako majibu ya swali la ndoa yanayopatikana hapo peke yake.

Uchumba ni mpya. Nafasi za 4 na 5 zitasema nini wakati hatuna historia?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na vitabu huwa vinalipita. Nafasi ya 4, iliyo chini, ni msingi, kile ambacho tayari kimekuwa sehemu ya mwulizaji. Nafasi ya 5 ni kilicho nyuma, kinachopita. Kwa watu waliooana miaka kumi, nafasi hizi zimejaa mambo yao wenyewe. Kwa uchumba wa miezi mitano ni nadra ziwahusu wawili hao. Zinasema kila mmoja alikuja na nini. Ukilazimisha ziwe habari za wapenzi, utabuni.

Chini ilikaa karata ya Kuhani Mkuu, ameketi kati ya nguzo mbili na watu wawili wamepiga magoti mbele yake. Walikutana kwenye kwaya, dini yao moja, na wote wawili wamelelewa katika nyumba ambazo ndoa inafungwa mbele ya watu. Huo ni msingi mzito kwa swali hili. Karata hiyo ingekaa nafasi ya 2 ingekuwa habari nyingine kabisa, pengine tofauti ya dini ndiyo inayowakatiza.

Nyuma ilikuwa Tano ya Kopa. Mtu wa joho jeusi anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vimesimama nyuma ya mgongo wake. Kabla sijasema kitu alisema yeye: aliwahi kuchumbiwa, kishika uchumba kilishatolewa, na upande wa pili ukajitoa. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Nafasi ya 5 inasema jambo hili linaondoka, lakini kuondoka si sawa na kwisha, na tukifika nafasi ya 7 utaona limeacha nini.

Nafasi ya 6 ni jibu la "lini"?

Ni la "kinachofuata". Ni jambo linaloingia karibuni, kabla ya mwisho wa shauri, na wala halilazimiki kuwa kubwa. Kuna wanaohesabu wiki kwa kundi hili na miezi kwa kundi lile. Nilijaribu kwa muda na nikaacha, kwa sababu kila mwalimu ana hesabu yake na watu walikuwa wanapanga mambo ya gharama kwa tarehe nilizowatajia.

Kwake ilitoka Askari Farasi wa Kopa, amepanda farasi mwenye mwendo wa taratibu, ameshika kikombe mbele kama anayekwenda kukikabidhi. Waite mwenyewe aliieleza kama mtu anayewasili, wakati mwingine mjumbe, na pendekezo analolileta. Kwa msomaji wa kwetu picha hiyo haihitaji maelezo: ni mshenga na barua ya posa. Nilimwambia hivyo, na nikaongeza kwamba farasi hakimbii. Kama karata ingekuwa imepinduka ningemtahadharisha juu ya maneno matamu yasiyo na mzigo nyuma yake.

Nafasi ya 7 ilitoka mwanamke amefungwa kamba. Ina maana nyota imefungwa?

Hapana, na nataka nikae hapa kwa sababu watu wanaumizwa kwa karata hii. Nane ya Shupaza inaonyesha mwanamke amezungushiwa kitambaa machoni na kamba mwilini, panga nane zimesimama kando yake. Nafasi ya 7 ni mwulizaji mwenyewe, namna alivyosimama katika shauri. Ukiziweka pamoja mbele ya binti ambaye posa yake ya kwanza ilivunjika, ni rahisi kupita kiasi kusema "kuna mtu kakufunga nyota". Baada ya hapo hufuata bei ya kufungua. Mmoja wa wanaokuja kwangu alilipa mshahara wa miezi miwili mahali pengine kwa maneno hayo. Msomaji yeyote akikuonyesha karata kisha akakutajia bei ya kuondoa kilicho ndani yake, inuka uondoke.

Nilimwambia aiinue karata aitazame karibu. Miguu haikufungwa. Panga ziko nyuma na pembeni, mbele yake hakuna upanga. Hakuna mtu mwingine kwenye picha, hakuna aliyemshikilia. Nikamuuliza ni jambo gani anataka kulisema kwa mchumba wake na hajalisema. Akatazama kisutu, akasema hajawahi kumwambia kwamba aliwahi kuchumbiwa. Na kwa sababu ya hilo hajawahi kumuuliza habari za hela, akiogopa mazungumzo yataishia huko.

Hiyo ndiyo Tano ya Kopa ya nafasi ya 5, imekuja kukaa nafasi ya 7. Nafasi hizi mbili zisome pamoja kila unapouliza ndoa. Aliyeumia zamani mara nyingi ndiye aliyenyamaza sasa, na ukimya wake unaonekana kwa mwenzake kama kutojali.

Nafasi ya 8 inaitwa "nyumba". Ni nyumba gani?

Ni waliomzunguka mwulizaji na nguvu zao juu ya shauri. Kwa vitabu vya Ulaya nafasi hii ni mazingira tu, inasomwa haraka. Sisi hatuwezi kuisoma haraka. Posa inapokelewa na wazee, mahari inapangwa na wajomba na mashangazi, na mtu anaweza kupendwa vizuri sana kisha shauri likafia sebuleni. Kwa swali la ndoa naipa nafasi ya 8 uzito mkubwa kuliko ya 10.

Ilitoka Tano ya Pau. Vijana watano wameinua fimbo kila mmoja upande wake. Anayeitazama mara ya kwanza anaona ugomvi. Ukitazama zaidi, hakuna aliyepigwa, hakuna damu, hakuna aliyeanguka, na Waite aliiita vita vya kuigiza. Nilimuuliza nyumbani kwao wakoje. Akacheka mara ya kwanza tangu aketi. Baba yake alishafariki, baba wadogo wawili na mjomba mmoja ndio wasemaji, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya geti.

Kwa hiyo niliisoma kama kelele za mahari: kila mzee atataja kiasi chake, atataka asikike, na mwisho watakubaliana. Iwapo hapo pangekaa Kumi ya Shupaza au Mnara, nisingesema kelele. Ningemwambia atafute mapema mzee mmoja anayesikilizwa, amweleze kabla barua haijafika. Ushauri huo nilimpa hata hivyo, kwa sababu mshenga akifika kwenye nyumba yenye wasemaji watatu asijue aanze na nani, Nne ya Uru ya upande wa pili itakaza zaidi.

Nafasi ya 9 ni matumaini au hofu?

Vyote viwili, na kwa pamoja. Wanaoanza wanataka kuchagua kimoja. Ilitoka Nne ya Pau: fimbo nne zimefungwa shada la maua, watu wameinua maua juu, nyuma kuna jumba. Ni karata ya sherehe, na wengi huisoma kama harusi popote inapotokea.

Ikikaa nafasi ya 9 haitabiri harusi. Inasema sherehe ndiyo anayoitamani na ndiyo inayomtia hofu. Kwake hofu ilikuwa wazi: mara ya kwanza watu walishaanza kuchangishana, sare ilishachaguliwa, kisha ikabidi mama yake apige simu nyumba kwa nyumba kurudisha michango. Aliogopa kutangazwa tena. Hapo nikaelewa kwa nini hata yeye hakumsukuma mwenzake aje kujitambulisha, ingawa alikuwa akilalamika kwamba haji.

Na nafasi ya 10? Si ndiyo jibu?

Ni pale mambo yanapoelekea yakiendelea kama tisa zilizotangulia zinavyoonyesha. Kikibadilika kimoja katika hizo, na yenyewe inabadilika. Ndiyo maana siifunui mpaka tumezungumza zote zilizotangulia.

Ilitoka Saba ya Uru. Kijana ameegemea fimbo yake kama mkulima aliyeegemea jembe, anatazama kichaka kilichozaa sarafu saba. Mazao yapo. Hajavuna. Uso wake haukati tamaa wala haufurahi, anapima.

"Ndiyo au hapana, mama?" aliuliza. Nikamwambia inaelekea ndoa, itachelewa kuliko unavyotaka, na kinachochelewesha ni Uru. Tazama, nafasi ya 2 ni Uru na nafasi ya 10 ni Uru. Kizuizi na matokeo ni kundi moja, maana yake kinachowakatiza sasa ndicho kinachokua. Hela aliyoikumbatia yule wa Nne ndiyo inayoonekana kwenye kichaka cha Saba. Hiyo ilinipa nguvu ya kusoma kwamba mwanamume anadunduliza, hakimbii. Lakini nilimwambia pia kwamba ni usomaji wangu, na kwamba uhakika ataupata kwa kumuuliza.

Kama kwenye nafasi ya 10 angekaa mtu wa jumba la kifalme, Malkia au Mfalme wa kundi lolote, ningemwambia shauri liko mikononi mwa mtu mmoja mwenye sifa hizo, na tungetafuta ni nani kati ya wale wasemaji.

Unaunganishaje zote kumi bila kupotea?

Hesabu makundi kwanza. Kwake Kopa zilikuwa nne, Uru mbili, Pau mbili, Shupaza moja, na karata kubwa moja tu, Kuhani Mkuu. Kwa kuwa karata kubwa ni 22 kati ya 78, katika kumi unategemea kuziona tatu hivi. Moja ni chache, na naisoma kwamba shauri liko mikononi mwa watu wenyewe, halisukumwi na jambo kubwa lisiloepukika. Kopa nne zinasema mapenzi hayana shaka. Shupaza ni moja peke yake, lakini imekaa nafasi ya 7, ya mwulizaji mwenyewe, kwa hiyo maumivu na ukimya viko kwa mwulizaji kuliko kwenye uchumba.

Kisha soma jozi. Nimeshakuonyesha 2 na 10, na 5 na 7. Jozi ya tatu kwa swali hili ni 3 na 9, lengo na hofu. Zote zake zilikuwa karata za furaha, na mtu asiyejua nafasi angezihesabu kama ndiyo mbili. Ukweli ni kwamba hakuna hata moja kati yake iliyosema harusi itatokea. Zilisema anaitaka na anaiogopa.

Je, nikipata karata mbaya nafasi ya 10, nivunje uchumba?

Usivunje uchumba kwa karata, wala usiung'ang'anie kwa karata. Rudi nafasi ya 2 na ya 8 uone kama kuna linaloweza kuzungumzwa. Mnara ukiwa nafasi ya 10 na nafasi ya 2 ni Saba ya Shupaza, yule anayenyemelea na panga za watu, uliza mambo ya kawaida ambayo ungeuliza hata bila karata: anaishi na nani, ana mke, nyumbani kwao panafahamika? Na kama anakupiga au anakutisha, hapo hapana haja ya karata hata moja. Waambie watu wako.

Baada ya muda gani naweza kupanga tena?

Siyo muda, ni mabadiliko. Ukipanga kesho swali lilelile kwa sababu hukupenda jibu, utapata karata nyingine na hutajua uamini zipi. Subiri kitu kitokee: mazungumzo yamefanyika, barua imefika, wazee wamekaa. Kuna njia ya Waite ninayoifuata hapa. Karata ya 10 ikiacha shauri wazi, unaiweka katikati ya kitambaa na kupanga mpangilio wa pili juu yake.

Binti yule alirudi baada ya miezi minne. Alikuwa amemwambia mwenzake habari za uchumba wa kwanza, na mwenzake akamwonyesha kwenye simu akiba ya kikundi chake, iliyobakiza mizunguko miwili kufika kwenye zamu yake. Barua ilishaletwa, wazee wamekaa mara mbili na kikao cha tatu kilikuwa njiani, baba mdogo mmoja bado hajaridhika. Nikaitoa Saba ya Uru na kuilaza katikati ya kisutu. Nikamwambia aseme swali lake jipya. Alitaka kujua wakioana wakae karibu na shule yake au karibu na kazi za mumewe. Nikamuuliza kama wameshalizungumza wao wawili. Akasema bado. Nikamwachia kwanza akampigie, na karata zikangoja mezani.